Kusoma saa ya mishale kwenye karatasi ya mazoezi: kuanzia «na robo» hadi «kasoro dakika ishirini»

Chora duara la saa, uweke mshale mfupi kati ya 9 na 10, karibu zaidi na 10, kisha usimamishe mshale mrefu juu ya 8. Wape mchoro huo watoto wanne wa darasa la pili na unaweza kupata majibu manne. Mmoja ataandika saa kumi na dakika nane, wa pili saa nne na dakika arobaini, wa tatu saa nne kasoro dakika ishirini na tano, na wa nne saa nne kasoro dakika ishirini. Jibu sahihi ni la mwisho, lakini hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyebahatisha, kwa kuwa kila mmoja amefuata hatua fulani na kuteleza mahali pake. Mwongozo huu unamhusu mwalimu au mzazi anayekaa na mtoto mbele ya karatasi ya namna hiyo, na unafuata mpangilio ambao mimi huutumia: mshale mfupi kwanza ukiwa peke yake, kisha jina la saa, kisha mshale mrefu, na «kasoro» mwisho kabisa.

Kabla ya kumpa mtoto karatasi, ipime kwa rula

Makosa mengi huanzia kwenye mchoro wenyewe. Karatasi nyingi za mazoezi hubana saa sita, tisa au hata kumi na mbili kwenye ukurasa mmoja, na kila duara huishia kuwa na upana wa sentimita tatu hivi. Kwenye duara kama hilo mshale mfupi huwa na urefu wa milimita nane tu, na ukipima kwenye ncha yake, nafasi kutoka uelekeo wa namba moja hadi uelekeo wa namba inayofuata ni milimita nne na kidogo. Maana yake ni kwamba inapokuwa na robo, mshale mfupi umesogea milimita moja tu kutoka kwenye namba yake. Unamtaka mtoto wa miaka saba aone milimita moja, tena kwenye karatasi iliyopita kwenye mashine ya fotokopi mara mbili au tatu. Hataiona, na si kosa lake.

Kwa hiyo mazoezi ya mwanzo yafanyike kwenye duara lenye upana wa sentimita kumi, moja au mawili kwa ukurasa, mshale mfupi ukiwa na urefu wa sentimita tatu. Hapo nafasi kati ya namba mbili kwenye ncha ya mshale inafikia takriban milimita kumi na tano, robo yake ni milimita nne na nusu yake ni karibu milimita nane, vipimo ambavyo jicho la mtoto linaviona bila kusaidiwa. Mshale mrefu uzidi ule mfupi kwa nusu ya urefu wake au zaidi. Iwapo mfupi ni sentimita tatu, mrefu usipungue sentimita nne na nusu, na ni vyema ufike karibu na ukingo, kwa sababu mishale inayokaribiana kwa urefu ndiyo inayowafanya watoto wabadilishane kazi zake.

Kisha tafuta kosa moja ambalo hujirudia sana kwenye karatasi zilizotengenezwa kwa haraka, yaani saa ambayo mshale mrefu uko kwenye 6 huku mshale mfupi ukiwa umesimama sawasawa juu ya namba. Saa inayofanya kazi haiwezi kuonyesha hivyo. Mshale mrefu unapofika kwenye 6 umekwisha kuzunguka nusu ya duara, na katika muda huohuo mshale mfupi umekwenda nusu ya njia kuelekea namba inayofuata. Mtoto aliyezoezwa kwa michoro mibovu kama hii hujifunza kwamba mshale mfupi hurukaruka kutoka namba hadi namba, na atakapokutana na saa halisi ya ukutani atashindwa kuamua ni saa ngapi. Mchoro wa namna hiyo ufute, uchore upya kwa kalamu, au uuvuke.

Mshale mfupi ukiwa peke yake

Somo la kwanza halihitaji mshale mrefu kabisa. Chora maduara ya saa matano au sita yenye mshale mfupi pekee, kwa makusudi ukiweka baadhi juu ya namba na mengine katikati ya namba mbili, na umwulize mtoto maswali mawili tu kwa kila duara: mshale umekwisha kupita namba gani, na unaelekea namba gani? Usiulize ni saa ngapi. Jibu unalolitaka ni la namna ya «umepita 4, unaelekea 5», na mtoto alitamke lote, kwa sababu nusu ya kwanza ya jibu hilo ndiyo itakayotumika kwenye «na robo» na «na nusu», na nusu ya pili ndiyo itakayotumika kwenye «kasoro».

Mtoto anayeulizwa moja kwa moja mshale uko kwenye namba gani huchagua namba iliyo karibu, na kwa hilo ana haki. Namba iliyo karibu hutoa jibu sahihi katika nusu ya kwanza ya saa, na hukosea katika nusu ya pili pale anapotaja dakika zilizopita. Yule aliyeandika saa nne na dakika arobaini alifanya hivyo hasa: aliona mshale umekaribia 10, akaichukua 10, kisha akahesabu dakika arobaini vizuri kabisa. Saa aliyoiandika ni ya baadaye kwa saa nzima. Akizoea kusema «umepita, unaelekea», kosa hili hupungua lenyewe bila kuhubiriwa.

Kuna nafasi moja inayohitaji uangalizi wa pekee, nayo ni kati ya 12 na 1. Watoto wengi husema mshale umepita 1 na unaelekea 12, kwa kuwa wamezoea kwamba namba ndogo hutangulia. Mwambie afuate mwendo wa mshale kwa kidole badala ya ukubwa wa namba, na aanzie 11 ili mwendo uwe umeshaonekana kabla hajafika juu.

Jina la saa limekaa upande wa pili

Kwa Kiswahili tunahesabu saa tangu mwanzo wa mchana na tangu mwanzo wa usiku, wakati namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa zinafuata hesabu nyingine iliyo mbele au nyuma yetu kwa saa sita. Ndiyo maana mshale mfupi ukiwa juu ya 7 tunasema saa moja. Kumwambia mtoto mdogo atoe sita, au aongeze sita pale ambapo haiwezekani kutoa, ni kumpa hesabu mbili mahali ambapo angehitaji macho tu. Weka penseli juu ya mchoro ipite katikati ya duara: upande mmoja ifuate namba ya mshale mfupi, na upande wa pili itaangukia namba ya mkabala, ambayo ndiyo jina la saa. Kwenye 7 mkabala wake ni 1, kwenye 10 ni 4, kwenye 12 ni 6. Jozi zote ni sita tu: 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9, 4 na 10, 5 na 11, 6 na 12, na kila jozi husomeka pande zote mbili, hivyo mshale kwenye 3 ni saa tisa na mshale kwenye 9 ni saa tatu.

Baadhi ya walimu huandika majina haya ndani ya duara kwa rangi nyingine. Kwa siku mbili tatu za mwanzo yanasaidia, ila yakikaa mtoto huacha kutafuta mkabala, na siku akipewa saa isiyo na maandishi hayo hukwama kabisa. Ninapendelea penseli, kwa sababu penseli anayo hata kwenye mtihani.

Sheria inayokwenda pamoja na penseli ni kwamba mkabala ni wa mshale mfupi pekee. Mshale mrefu husomwa pale ulipo. Mtoto aliyefurahia ujuzi wake mpya huubeba hadi kwenye mshale mrefu, na utamwona mbele ya mshale mrefu ulio kwenye 3 akiandika kasorobo, kwa kuwa penseli yake ilimpeleka kwenye 9. Ukiona «na robo» na kasorobo zimebadilishana mara kwa mara kwenye karatasi yake ilhali jina la saa liko sawa, chunguza hapo kwanza.

Jambo la pili ni maandishi ya tarakimu. Saa moja na robo asubuhi wengine huiandika saa 1:15 asubuhi, na saa za tarakimu huionyesha kuwa 7:15. Karatasi inayotaka tarakimu iseme wazi inataka ipi, na kama haisemi, amua wewe na uandike juu ya ukurasa kabla mtoto hajaanza. Vilevile mchoro wa mishale hauwezi kusema kama ni asubuhi au jioni, kwa hiyo swali linalotaka jibu hilo lazima liongeze sentensi au picha inayolionyesha.

Na jambo la tatu liko kwenye sikio. Saa kumi na moja ni jina la saa, wakati saa kumi na dakika moja ni dakika moja baada ya saa kumi, na mtoto anayekata neno «dakika» katika mazungumzo huchanganya mawili hayo anapoandika. Mzoeze kutotamka hesabu yoyote ya dakika bila neno lenyewe. Robo na nusu pekee ndizo husimama bila neno hilo.

Mshale mrefu: kamili, robo na nusu

Hapa mambo huenda haraka zaidi. Kata duara la karatasi, likunje mara mbili, na ulikunjue. Mikunjo itaangukia 12, 3, 6 na 9. Mshale mrefu ulio kwenye 12 ni saa kamili. Ukifika 3 umemaliza robo ya duara, na kwa kuwa duara zima ni dakika 60, robo hiyo ni dakika 15. Ukifika 6 umemaliza nusu, dakika 30. Mtoto alipake rangi eneo ambalo mshale umelipita kuanzia 12, maana robo iliyopakwa rangi inaeleza neno «robo» kuliko maelezo yoyote.

Sasa rudisha mshale mfupi na uunganishe. Mshale mfupi umepita 4 na unaelekea 5, na mrefu uko kwenye 3. Namba iliyopitwa ni 4, mkabala wake ni 10, kwa hiyo ni saa kumi na robo. Mshale mrefu ukisogea hadi 6, ule mfupi utakuwa katikati kabisa ya 4 na 5, na tutasema saa kumi na nusu. Katika hali zote mbili jina linatokana na namba iliyopitwa.

Kosa la kuangalia hapa ni kubadilishana kwa mishale. Kwenye saa kumi na robo, mtoto anayechukua mshale mrefu kuwa ndio wa saa ataona 3 na ataandika saa tisa na dakika ishirini, akihesabu tano mara nne kwa mshale mfupi ulio karibu na 4. Kuna namna ya kumwonyesha kosa bila kumwambia amekosea. Muulize: kama kweli ni saa tisa na dakika ishirini, mshale wa saa ungekuwa juu ya 3 hasa, au ungekuwa umeshaiacha? Ungekuwa umeiacha kwa theluthi ya njia. Uliomo kwenye mchoro umesimama barabara juu ya 3, kwa hiyo hauwezi kuwa wa saa.

Kasoro, na kwa nini dakika ishirini ndizo ngumu

Neno «kasoro» linamtaka mtoto afanye mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili ni kinyume cha aliyoyazoea. Jina la saa sasa linatoka kwenye namba ambayo mshale mfupi unaielekea, haujaifikia. Na dakika zinahesabiwa zilizobaki, si zilizopita. Anayesema saa nne kasoro dakika ishirini anataja saa nne wakati bado haijafika, na mtoto mwenye kusikiliza kwa makini ana sababu ya kushangaa. Mweleze kwamba sentensi hiyo inasema: saa inayokuja ni saa nne, na ili ifike zinapungua dakika ishirini.

Anza na kasorobo, kwa sababu picha yake inaonekana. Mshale mrefu uko kwenye 9, na kipande cha duara kati ya 9 na 12 ambacho bado hakijapakwa rangi ni robo moja. Robo hiyo ndiyo inayopungua. Mshale mfupi ukiwa umekaribia 5, unaielekea 5, mkabala wake ni 11, basi ni saa kumi na moja kasorobo. Fanya michoro mitatu au minne ya namna hii kabla ya kugusa dakika ishirini.

Tofauti ni kwamba dakika ishirini hazina mkunjo wa karatasi wa kuzionyesha. Mshale mrefu uko kwenye 8, namba ambayo haina jina lake lenyewe kama robo au nusu, na mtoto analazimika kuhesabu kwa kuruka tano tano kutoka hapo hadi 12. Kidole kiwekwe juu ya 8 kikiwa kimya. Kinaporuka na kutua juu ya 9 mtoto anasema tano, juu ya 10 kumi, juu ya 11 kumi na tano, juu ya 12 ishirini. Yule aliyeandika kasoro dakika ishirini na tano alianza kusema tano kidole kikiwa bado juu ya 8. Alihesabu namba tano, 8, 9, 10, 11 na 12, wakati miruko ni minne tu. Dawa yangu ni kumfanya atamke sifuri kwenye namba ya kuanzia, na kidole kikiruka ndipo hesabu iongezeke. Kosa hili ukilijua ni rahisi kulitambua kwenye karatasi, kwa sababu majibu yake yote ya dakika huzidi kwa tano: kasoro dakika kumi kwake ni kumi na tano, kasoro dakika tano ni kumi.

Mshale mrefu ulio kwenye 4 nao huleta mchanganyiko wake. Kutoka 12 hadi 4 ni dakika ishirini zilizopita, kutoka 8 hadi 12 ni dakika ishirini zilizobaki, na mtoto anayekumbuka tu kwamba 8 ni «ile ya ishirini» ataandika «na dakika ishirini» mahali pa «kasoro». Muulize kama mshale mrefu unateremka kutoka 12 au unapanda kuirudia. Unaoteremka, upande wa kulia, ni wa «na». Unaopanda, upande wa kushoto, ni wa «kasoro».

Kusema saa tatu na dakika arobaini kwa mchoro uleule wa mwanzo pia ni sahihi. Swali likitaka jibu la «kasoro», liseme hivyo. Lisiposema, sioni haki ya kumkata mtoto alama kwa kuhesabu zilizopita, mradi hakubeba jina la saa inayokuja.

Mchoro ule wa mwanzo, hatua kwa hatua

Turudi sasa kwenye saa ya kwanza. Mtoto anaanza na mshale mfupi na kusema: umepita 9, unaelekea 10. Haandiki chochote bado. Anageukia mshale mrefu: uko kwenye 8, upande wa kushoto, unapanda, kwa hiyo ni kasoro. Kwa kuwa ni kasoro anachukua namba inayoelekewa, 10, anaweka penseli ipite katikati ya duara na kuona 4 upande wa pili. Hapo anaandika «saa nne kasoro» na kuacha nafasi. Kisha kidole kinatoka 8 kikiwa sifuri, kinaruka mara nne hadi 12, na nafasi inajazwa: dakika ishirini.

Uhakiki wa mwisho ni wa kumtazama tena mshale mfupi. Zimebaki dakika ishirini kati ya sitini, yaani theluthi moja ya saa, hivyo mshale mfupi unapaswa kuwa umebakiza theluthi moja ya njia kufika 10. Kwenye duara la sentimita kumi hiyo ni takriban milimita tano kwenye ncha ya mshale. Mtoto hahitaji neno theluthi. Inatosha aone kwamba mshale umevuka katikati na haujafika. Kama ungekuwa karibu na 9, kuna kitu kimesomwa vibaya au mchoro wenyewe ni mbovu.

Yule wa saa kumi na dakika nane, ambaye bado hatujamtaja, alisoma namba mbili kama zilivyoandikwa: 10 iliyo karibu na mshale mfupi, na 8 ya mshale mrefu. Hakutumia mkabala wala kuruka tano tano. Huyu asisahihishwe jibu. Arudishwe kwenye michoro ya mshale mfupi peke yake.

Saa zinazoficha makosa

Kuna michoro ambayo mtoto huipata hata akiwa hajui, na mwalimu asiyeijua hudanganyika. Mfano ulio wazi ni saa sita na nusu. Mshale mfupi uko kati ya 12 na 1, mrefu uko kwenye 6, na mtoto anayesoma tu namba iliyo chini ya mshale mrefu atasema saa sita bila kufikiria mkabala. Saa tatu na robo ni hivyohivyo, kwani mshale mrefu umeketi juu ya 3, na saa tisa kasorobo ina mshale mrefu juu ya 9. Kwenye saa nane kasoro dakika ishirini mshale mfupi unaelekea 2 na mrefu uko juu ya 8, kwa hiyo aliyeiona 8 na kuiandika atapata alama sawa na aliyeitafuta kwa penseli.

Niligundua hili kwa kuchelewa, baada ya kumpongeza mwanafunzi aliyepata michoro minne kati ya sita, na yote minne ikawa ya aina hii. Tangu hapo, ninapotengeneza karatasi ya kupima, siziweki kabisa. Nachagua kwa mfano saa moja na robo, saa kumi na nusu, saa tano kasorobo na saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, ambazo jina la saa halifanani na namba iliyo chini ya mshale mrefu. Zile zinazoficha nazirudisha baadaye, mtoto akiwa ameshaimarika.

Kumpa duara tupu achore mwenyewe

Nusu ya pili ya karatasi nyingi huwa na maduara yasiyo na mishale, na sentensi chini yake. Hapa mtoto aanze na mshale mrefu, kinyume cha alivyofanya alipokuwa akisoma, kwa sababu mshale mrefu ndio utakaomwambia ule mfupi uwe umefika wapi kati ya namba mbili.

Sentensi ikiwa saa saba kasoro dakika ishirini, anaweka kidole kwenye 12 na kurudi nyuma kwa miruko minne, 11, 10, 9, 8, na kuchora mshale mrefu hapo. Saa saba mkabala wake ni 1. Kwa kuwa ni kasoro, mshale mfupi bado haujafika 1, kwa hiyo unachorwa kati ya 12 na 1, ukiwa umevuka katikati. Watoto wengi huuchora baada ya 1, kati ya 1 na 2, kwa kuwa wamesikia saa saba na wakaanzia hapo. Saa waliyoichora ni saa nane kasoro dakika ishirini.

Unaposahihisha, usimdai mtoto theluthi kamili kwenye duara dogo. Ukubali mshale mfupi popote ndani ya nusu ya pili ya nafasi kati ya 12 na 1, mradi haujaigusa 1. Ukiwa umechorwa barabara juu ya 1, mpe nusu ya alama na umrudishie rula na duara lenye upana wa sentimita kumi.